bu au mei? Sikuja, sijamaliza, sijui, sitakuja: kukanusha kwa Kichina kumeniingiza matatani

Karani_Mgeni

Wakuu, habari za kutwa. Nina mwaka na nusu najifunza Kichina, na kwa kuwa ofisini hakuna anayekijua kunizidi, nimegeuzwa mkalimani bila kuombwa. Juzi mwenzangu alikuwa anaumwa, akanitumia ujumbe nimtafsirie kwa msimamizi wetu, Mchina. Ujumbe wenyewe:

"Jana sikuja kazini kwa sababu sikuwa najisikia vizuri. Sikujua kama kuna kikao. Ripoti bado sijaimaliza. Kesho pia sitakuja."

Nikaandika:

昨天我不来上班,因为我没舒服。我没知道有会。报告我不写完。明天我也没来。

Hesabu zangu zilikuwa hivi. 没 mei nilifundishwa mapema kama "kutokuwa na", kwenye 没有 méi yǒu. Basi kila nilipoona kuna kukosa kitu nikaweka mei: alikosa afya, alikosa habari, kesho atakosekana. Vitendo vilivyobaki nikavipa 不 bu. Msimamizi akampigia mgonjwa simu kumuuliza anagomea nini.

Kwa Kiswahili mimi naona si- au ha- mwanzoni, na wakati umekaa katikati ya neno. Wenzetu kitenzi chao hakibadiliki, wana hayo maneno mawili tu. Nigawe vipi? Na kati ya kanusho zangu tano, nimepatia ngapi?

Kijogoo77

Hujapatia hata moja, mkuu. Hata ungerusha sarafu ungepata mbili.

Ila dawa yake ni nyepesi. Angalia kinachofuata baada ya si- au ha-. Ukikuta -ku- au -ja-, weka mei. Ukikuta -ta-, au kitenzi kimeishia na -i kama siji, hasomi, hawafanyi, weka bu. Sikuja 没来, sijamaliza 没写完, sitakuja 不来. Miaka mitatu naitumia kanuni hii, haijaniangusha.

Toni_Nne

Mleta mada, usisahau kwamba bu hubadilika. Peke yake ni toni ya nne, bù, lakini ikifuatwa na neno lingine la toni ya nne inapanda na kuwa ya pili: bú shì, bú qù, bú zài. Wengi wanakosea hapo.

Karani_Mgeni

Shukrani Toni_Nne, ila yangu yalikuwa maandishi, hayakusikika. Shida ni lipi niweke.

Kijogoo, nimeijaribu kanuni yako kwenye ujumbe. Sikuwa najisikia vizuri ina -ku-, kwa hiyo inabaki 没舒服. Sikujua ina -ku-, inabaki 没知道. Ndivyo?

Kijogoo77

Ndivyo.

Bibi_Kamusi

Sivyo, wanangu. Kijogoo ana matatu kati ya matano, na hayo mawili aliyokosa ndiyo yanayoonyesha kanuni yake inavujia wapi.

Kiswahili kinapokanusha kinakuuliza kwanza: lini? Ndiyo maana tuna sikuja, siji, sitakuja, sijaja. Kichina hakikuulizi lini. Kinakuuliza unakanusha kitu gani. Ukikanusha kwamba jambo lilitokea, unatumia mei. Ukikanusha hali, desturi au nia ya mtu, unatumia bu, iwe jana, leo au mwaka ujao.

Kuja ni tukio. Jana lilitokea au halikutokea, kwa hiyo 昨天我没来. Ukisema 昨天我不来, Mchina anabaki anasubiri umalizie sentensi, au anasikia nia: "jana mimi siji". Ndiyo hiyo msimamizi aliyoisikia, wala simlaumu.

Kujua ni habari nyingine. Mtu hukaa katika kujua au katika kutojua. Kwa hiyo 我不知道 wǒ bù zhīdào ndiyo "sijui", na ndiyo hiyo hiyo "sikujua". Ukitaka ieleweke ni jana, ongeza neno la wakati: 我当时不知道, "wakati ule sikujua". 没知道 husikii mtu akiisema. Vilevile 舒服 shūfu, kujisikia vizuri, ni hali: 我不舒服, na 昨天我不舒服. Kitenzi 是 shì nacho ni hivyo hivyo: "hakuwa mwalimu" ni 他以前不是老师, huwezi kuweka mei mbele ya 是. Kinyume chake ni 有 yǒu, ambayo haikubali bu kabisa: sina, sikuwa na, vyote 没有.

Nina jaribio moja ninalowapa wanafunzi. Kabla ya kukanusha, igeuze sentensi yako iwe ya kukubali, lakini kwa Kichina. Ukiona sentensi hiyo inadai 了 le baada ya kitenzi, au 过 guo, au 在 zài ya "yupo anafanya", basi kanusho lake ni mei. Alikuja: 他来了, kwa hiyo 他没来. Nilijua: 我知道, haidai chochote, kwa hiyo 我不知道.

Na ukishaweka mei, ile le ya baada ya kitenzi unaiondoa. 没来了 kwa maana ya "hakuja" ni kosa la kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ukiikuta le mwishoni pamoja na mei, kuna muda umehesabiwa: 他三天没来了, "siku ya tatu hii hajaja".

Karani_Mgeni

Bibi shikamoo. Na 不写完 je? Kuandika ni kitendo, anaweza kuwa hana nia ya kumaliza.

Bibi_Kamusi

Marahaba. 写完 ni kuandika mpaka mwisho. Huo mwisho umefikiwa au haujafikiwa, kwa hiyo 没写完, na ukiweka "bado" inakuwa 还没写完 hái méi xiě wán. Bu ina nafasi yake hapo, ila inaingia katikati: 写不完 xiě bu wán. Maana yake ni kwamba kazi haimaliziki, kwa ukubwa wake au ufupi wa muda.

Hapo Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu tuna -ik-. Sifungui mlango, yaani sitaki: 我不开门. Sikufungua mlango: 我没开门. Mlango haufunguki: 门打不开. Kila unapotamani kusema haionekani, haimaliziki, haifunguki, mahali pa bu ni katikati. Na ingawa mlango haukufunguka ni jana, unaweza kusema 昨天门打不开, na bu ikabaki pale pale, kwa sababu unaeleza jinsi mlango ulivyokuwa.

Karani_Mgeni

Basi narudia ujumbe wote:

昨天我没来上班,因为我不舒服。我不知道有会。报告还没写完。明天我也不来。

Bibi_Kamusi

Sarufi yote imekaa. Ila hiyo ya mwisho nisingeituma. "Sitakuja" yetu inaweza kuwa taarifa tu. 不来 ina uamuzi ndani yake, na kwa mkubwa wa kazi baada ya simu ile utakuwa unamchokoza tena. Mgonjwa husema 明天我也来不了 míngtiān wǒ yě lái bu liǎo: hata kesho kuja hakutawezekana. Ni bu ile ile, imehama tu kutoka kwenye nia kwenda kwenye uwezo.

Mzee_wa_Winchi

Nimesoma nikacheka peke yangu. Mimi si mwanafunzi, Kichina changu nimekiokota kazini. Siku moja niko juu ya winchi, wa chini wananiuliza kwa redio hali ya hewa. Mvua ilikuwa imekata. Nikajibu 今天不下雨! Wakafungua maturubai yote, saruji ikabaki wazi. Saa nane mvua ikaja na hasira zake. Nikaitwa, naulizwa nilipata wapi utabiri. Nikasema mimi nimesema tu mvua hainyeshi! Mpaka leo sijui kosa lilikuwa langu au la masikio yao.

Bibi_Kamusi

Lilikuwa lako, ndugu yangu, na hapa ndipo kanuni ya Kijogoo inapovuja upande wa pili. "Hainyeshi" imeishia na -i, lakini wewe ulikuwa unasema muda ule hakuna mvua inayodondoka. Hilo ni tukio ambalo halipo, kwa hiyo 现在没下雨 xiànzài méi xià yǔ. 今天不下雨 wameisikia kama "leo hainyeshi", yaani siku nzima, kama mtu aliyesoma utabiri. Na ungetaka kusema imekata, ilikuwa 不下了, na le mwishoni: ilikuwa inanyesha, sasa hainyeshi tena.

Kiswahili kina kitenzi kimoja cha -i kwa kazi zote hizo. Mtu akiuliza, "Fulani anasoma?" ukajibu "Hasomi, amelala", Kichina ni 她没在看书. Ukijibu "Hasomi, ameacha shule", ni 她不上学了. Kabla ya kuweka bu kwenye hasomi, jiulize: hasomi sasa hivi, au hasomi kama mazoea yake?

Kijogoo77

Sawa, naanza kuinama, ila sijaanguka. Bibi, hilo jaribio lako nalo lina tundu. Nimechoka ni 我累了, ina le. Kwa jaribio lako, sijachoka ni 我没累. Lakini Wachina wote ninaowajua wanasema 我不累.

Na lingine. Unasema mambo ya akilini yanachukua bu. Mbona "sikutarajia" ni 没想到 méi xiǎngdào?

Bibi_Kamusi

La pili kwanza, ni jepesi. 想到 ni wazo kukujia kichwani. Linakujia au halikujii, hilo ni tukio. Ukitoa hiyo 到 na kubaki na 想, "kutaka", unapata 不想. Hivyo sikusema "mambo ya akilini". Nilisema hali.

La kwanza umenikamata kihalali. Le ya 我累了 inasimama mwishoni mwa sentensi nzima na inasema hali imebadilika: sikuwa nimechoka, sasa nimechoka. Le ya 他来了 inafanya kazi mbili kwa pamoja, ya tukio na ya mabadiliko, kwa hiyo kwa macho hutazitofautisha. Mimi huwaambia wanafunzi watoe le wakaone kinachobaki. 我累 inabaki maelezo ya hali, ndiyo maana kanusho ni 不累. 他来 peke yake haielezi hali yoyote. Lakini nakiri, mtu wa mwaka wa kwanza hawezi kulitumia jaribio hilo bila kuuliza.

Kinachotuponza Waswahili ni kwamba hali nyingi tunazisema kwa -me-: nimechoka, nimeshiba, nimelewa, nimezoea, imekauka. Kwa hiyo ukanushaji wake unakuja na -ja-, nasi tunakimbilia 还没. Wakati mwingine ni sawa kabisa. Nguo hazijakauka, 衣服还没干, kwa sababu tunasubiri zikauke. Sijashiba, 我还没吃饱. Na mlevi wa Kichina hupiga kelele 我没醉 wǒ méi zuì, kama wetu anavyosema sijalewa. Lakini sijachoka, 我不累 au 我还不累. Sijajua bado nitafanya nini, 我还不知道, kamwe 还没知道. Kwa hiyo "-ja- ni 还没" inafaa mara nyingi, lakini kwenye hali inayoendelea -ja- inageuka 还不.

Karani_Mgeni

Kwa nini 醉 na 干 zinakubali mei lakini 累 inakataa? Zote ni hali.

Bibi_Kamusi

Kulewa na kukauka vina mstari unaouvuka. Nguo ilikuwa mbichi, ikavuka, ikawa kavu. Mtu alikuwa na akili zake, akavuka. Uchovu unapanda na kushuka tu. Hivyo ndivyo ninavyolielewa mimi, na sina kauli ya mwisho. Lipo na eneo la katikati: "sijazoea" nimesikia 还不习惯 na 还没习惯, kutoka kwa watu wale wale.

Kisiki

Naongeza kidogo kutoka pembeni. Mimi Kichina changu cha kwanza kilikuwa Kikantoni, na huko hili linakaa vizuri zaidi kwa Mswahili, kwa sababu wana maneno matatu. 唔 m4 inafanya kazi ya bu, 冇 mou5 inafanya kazi ya mei, na 未 mei6 ni -ja- yetu kabisa. 我冇食 ni sikula, 我未食 ni sijala. Nilipohamia Kimandarini nikakuta sikula na sijala zote zimerundikwa kwenye 没吃, na kinachozitenganisha ni hiyo 还 tu.

Ukifungua barua rasmi za Kimandarini, hata hivyo, 未 bado ipo. 尚未完成 shàng wèi wánchéng ni "bado haijakamilika". Kwa ripoti ya mgonjwa ni lugha nzito mno, lakini siku ukiandika barua ya kiofisi itakufaa.

Toni_Nne

Angalieni, mei6 ya Kikantoni si 没. Sauti tu zinafanana.

Kisiki

Kweli. Herufi tofauti, neno tofauti. Asante.

Msimulizi

Jamani nami nina langu, nalo limenilaza macho. Natafsiri hadithi fupi, kuna mhusika anasema: "Nisingekuja, nisingekufahamu." Kitenzi cha kwanza na cha pili vimevaa nguo moja, -singe- na -singe-. Nikaweka bu zote mbili: 我不来,就不认识你. Rafiki yangu Mchina akasema sentensi inaeleweka lakini mhusika anaonekana hajafika bado, kama vile anatisha: nisipokuja sitakufahamu.

Bibi_Kamusi

Huyo rafiki kakuambia kweli. Mhusika wako alikuja, na sasa anawaza upande ambao haukutokea. Kipande cha kwanza kinalifuta tukio lililokwisha kutokea, kwa hiyo mei: 要是我没来 yàoshi wǒ méi lái. Kipande cha pili ni matokeo ya kuwazia, nayo huenda na 不会: 就不会认识你了. Nguo moja kwa Kiswahili, mbili kwa Kichina:

要是我没来,就不会认识你了。

Na ukikutana na "Ningejua, nisingekuja", usihangaike. Wanayo imeiva tayari: 早知道我就不来了 zǎo zhīdào wǒ jiù bù lái le. Alishakuja, na bado ni bu, kwa sababu anachokisema ni uamuzi ambao angeufanya.

Kijogoo77

Kwa hiyo sikuja ni mei, nisingekuja ya mwanzo ni mei, nisingekuja ya mwisho ni bu. Kanuni yangu nimeifukia rasmi.

Msimulizi

Usiifukie, Kijogoo. Mimi nahesabu: kwenye kurasa kumi nilizokwisha kutafsiri, -ku- na -ja- nyingi zimekwenda mei bila shida. Ni zile za kujua, kutaka, kupenda, kuwa na kuweza ndizo zilizorudi nyuma. Na moja ya kuvuta sigara: "Babu hakuvuta sigara maisha yake yote." Niliandika 爷爷一辈子没抽过烟. Mhariri akabadilisha kuwa 一辈子不抽烟. Nani yuko sahihi?

Bibi_Kamusi

Wote wawili, mnasema mambo mawili. Yako ni kwamba sigara haikugusa mdomo wake hata mara moja. Ya mhariri ni kwamba hakuwa mvutaji, ilikuwa desturi yake. "Hakuvuta" ya Kiswahili imebeba yote, na hapo mwenye hadithi ndiye wa kuulizwa, kamusi haitakujibu.

Mzee_wa_Winchi

Na "sikuweza" mnaiwekaje? Mimi husema 不能 nikiulizwa kwa nini sikupandisha mzigo, wananiangalia vibaya.

Bibi_Kamusi

不能 wanaweza kuisikia kama "hairuhusiwi" au "siwezi" ya sasa, wakajiuliza nani amekataza. Ukitaka "nilijaribu, haikuwezekana", sema 没能 au taja kitendo na ulipokwamia: 没吊起来, mzigo haukunyanyuka. Neng ni kati ya vitenzi vichache vya namna hiyo vinavyokubali mei. 敢 gǎn, kuthubutu, ni mwingine: 没敢说, sikuthubutu kusema.

Karani_Mgeni

Narudi na mrejesho. Ujumbe niliutuma upya jana jioni, na 来不了 mwishoni kama Bibi alivyoelekeza. Msimamizi amejibu leo asubuhi, maneno machache:

你怎么不早说?好好休息。

Kipande cha pili naelewa, pumzika vizuri. Cha kwanza ndicho kinanitatiza. "Mbona hukusema mapema?" Hukusema ni jana, ni tukio, halikutokea. Kwa kila nilichojifunza kwenye uzi huu ilitakiwa iwe 没说. Mbona ameweka bu? Na je, amekasirika?

Kijogoo77

Ha! Nafukua kanuni yangu kuja kuizika tena.

Hajakasirika. 怎么不早说 ni msemo, wanausema wote. Uchukue mzima mzima usiupasue.

Bibi_Kamusi

Ni msemo, lakini haukuzuka hewani. Baada ya 怎么 mtu analalamikia uamuzi: ulikuwa na nafasi ya kusema na hukutaka. Lawama inagusa nia, ndiyo maana bu. Angetaka tu kujua ilikuwaje taarifa haikufika, angeweza kuuliza 你怎么没说. Hata "mbona hukuja jana" zipo zote mbili. 昨天你怎么没来 ndiyo ya kawaida. 昨天你怎么不来 ina kidole kimekuelekea.

Kisiki

Hapo sikubaliani, Bibi. 怎么不早说 nimeambiwa mara mia na watu waliokuwa wananihurumia. Hakuna kidole chochote. Ni kama sisi tunavyomwambia mgeni "mbona hukusema una njaa", huku tunampakulia.

Bibi_Kamusi

Huruma nayo ina lawama ndani, Kisiki. Hata huyo mgeni unamlaumu kidogo.

Mzee_wa_Winchi

Mimi nikiambiwa hiyo kwenye redio, huwa ni lawama tupu.

Karani_Mgeni

Sasa mgonjwa ananiuliza amjibu nini, na mimi sijui ameambiwa pole au amekaripiwa. Nimemshauri aandike 不好意思,我没想到会这么严重, "samahani, sikutarajia ingekuwa mbaya hivi". Mei hapo nina uhakika nayo. Nisubiri au nimruhusu atume?

Kijogoo77

Tuma. Hiyo hata mimi nisingeikosea.